Maharagi yanasamehe, ngazi haisamehe



Kwenye mikutano mikuu ya koperative, kutoka Swima na Mboko mpaka Sebele na Lulimba, tunaona jambo moja linarudia. Wanamemba wanaweza kukaa siku tatu wakibishana kama sezoni hii watapanda maharagi ya njano ao ya mekundu. Komite inaongea, wazee wanaongea, vijana wanakasirika, mkutano unasogezwa kwa juma lijalo. Halafu, saa kumi ya jioni, kila mtu amechoka na njaa imeingia, sekretere anasoma jambo la mwisho la siku: "Kuna mtu ameleta miche ya ngazi, bei ni nzuri, tupande hekta mbili?" Mikono inapanda juu yote mara moja. Dakika kumi, jambo limekwisha.

Sisi tunasema mambo hayo yamegeuzwa. Maharagi yalipaswa kupata dakika kumi. Ngazi ndizo zilipaswa kupata siku tatu, hata miezi mitatu.

Sababu yake haitoki kwenye pesa, kwa maana siku ile ya mkutano maharagi yanaweza kugharimu hata zaidi kuliko miche. Inatoka kwenye njia ya kurudi. Kuna mambo ambayo tukikosea, tunarudi nyuma na kuanza tena bila kuumia sana. Kuna mengine ambayo tukishaingia, mlango unafungwa nyuma yetu. Hayo mawili hayastahili mkutano wa namna moja.

Kwa kuyatenganisha tunapendekeza maswali mawili tu. Swali la kwanza: tukikosea, tutajua siku gani? Swali la pili: ile siku tutakapojua, kurudi nyuma kutatugharimu nini?

Tuanze na maharagi. Maharagi mafupi yanakomaa kwa miezi kama miwili na nusu mpaka mitatu. Mkipanda ya njano mwezi wa tisa na yakaliwa na ugonjwa, mtajua kabla ya Noeli. Na kurudi nyuma ni nini? Mwezi wa pili, sezoni B, mnapanda ya mekundu kwenye udongo uleule. Mmepoteza mbegu na jasho la sezoni moja. Inauma, lakini shamba bado ni shamba na koperative bado ni koperative. Tena mmepata elimu ambayo mabishano ya siku tatu yasingeweza kuwapa, kwa sababu udongo wenyewe umejibu.

Zaidi ya hapo, kwenye jambo dogo kama hili, kukawia ndiko kosa lisilorudi. Mvua ya mwezi wa tisa haingojei mkutano. Koperative inayokawia juma tatu ikichagua rangi ya maharagi, mwishoni itapanda mbegu nzuri kwa wakati mbaya, na maua yatakutana na mvua nyingi ao na jua kali. Mbegu ya pili kwa uzuri iliyopandwa kwa wakati inashinda mbegu ya kwanza iliyochelewa. Kwa hiyo jambo la maharagi liachiwe watu watatu wa komite ya mashamba, wapewe siku mbili, waamue. Kama wanamemba wamegawanyika kabisa, pandeni nusu ya njano na nusu ya mekundu, na mwezi wa kwanza mtajua bila kugombana.

Sasa tuje kwa ngazi, kwa sababu hapo ndipo mlango unafungwa.

Hapa Fizi hakuna haja ya kuelezea mtu faida ya mawese. Mabidoni yanashuka Baraka, yanapanda mashua, yanalipa masomo ya watoto. Lakini tuulize maswali yetu mawili. Mkipanda mche leo, mtajua siku gani kama mlikosea? Mche unakaa kwenye kitalu karibu mwaka mmoja. Ukishapandwa shambani, mikungu ya kwanza inakuja karibu mwaka wa tatu. Ni pale tu, mnapokata tunda la kwanza kwa kisu, ndipo mti unawaambia ulikuwa mti wa namna gani. Miaka minne kutoka kitalu. Na ile siku, kurudi nyuma ni nini? Ni kukata mti, kungoja mche mpya mwaka mmoja, kisha miaka mingine mitatu. Tena mche huo mpya mtaupanda chini ya kivuli cha miti ya jirani iliyokwisha kurefuka, na ngazi iliyo kivulini haizai vizuri. Ndiyo maana watu wengi hawaukati ule mti mbaya. Wanauacha, na nafasi yake inabaki imekaliwa kwa miaka 25.

Kosa gani linaweza kuwa ndani ya mche? Hapa inafaa tujue habari moja ya inchi yetu wenyewe.

Ngazi ziko za namna tatu, na tofauti yake iko kwenye ganda gumu la kokwa. Ya kwanza wanaiita dura. Ganda lake ni nene na nyama ya mafuta ni kidogo. Nyingi ya ngazi za zamani, zile za babu, ni dura. Ya pili ni pisifera. Haina ganda gumu, na kwa kawaida mikungu yake inaoza kabla ya kukomaa. Mti unarefuka, unakuwa mzuri wa kutazama, lakini bidoni halijai. Ya tatu ni tenera. Ganda lake ni jembamba, nyama ni nyingi, na mkungu wake unatoa mafuta kama asilimia 30 zaidi kuliko wa dura. Tenera ndiyo kila mtu anatafuta, na ndiyo kila muuzaji anasema anayo.

Zamani wakulima wa mashamba makubwa waliona jambo la kushangaza. Walichukua mbegu kutoka kwa miti mizuri ya tenera, wakapanda wakitumaini watapata tenera tupu. Haikuwa hivyo. Miti iliyozaliwa ilikuwa mchanganyiko. Maelezo yalipatikana hapa kwetu Kongo, kwenye kituo cha Yangambi, kwenye mto upande wa Kisangani, kituo ambacho leo kiko chini ya INERA. Mwaka 1941 wataalamu wawili wa kituo hicho, Beirnaert na Vanderweyen, walitoa kazi iliyoonyesha kwamba tenera si kabila linalojizaa. Tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Ukichanganya dura na pisifera, watoto wote ni tenera. Lakini ukichanganya tenera na tenera, robo ya watoto inakuwa dura, nusu inakuwa tenera, na robo inakuwa pisifera isiyozaa. Dunia yote inayolima ngazi leo inafuata maelezo hayo yaliyotoka Yangambi.

Tuchukue sasa koperative moja ya mfano, na tuifuate hatua kwa hatua. Iko na hekta mbili. Kipimo cha kawaida ni mita 9 kutoka mti mmoja mpaka mwingine, kwa mpango wa pembe tatu, na hiyo inatoa miti 143 kwa hekta. Kwa hekta mbili ni miti 286. Muuzaji analeta miche aliyookota chini ya mti wa tenera. Hadanganyi. Mama wa miche hiyo ni tenera kweli, na anaweza kuwaonyesha mti wenyewe.

Tuseme baba naye ni tenera. Kati ya miti 286, karibu 143 itakuwa tenera, karibu 71 itakuwa dura, na karibu 71 itakuwa pisifera. Yaani robo ya shamba, nusu hekta nzima, mtaipalilia, mtaikatia makuti, mtailinda na moto, na haitawapa hata chupa. Tuseme sasa baba ni dura, jambo ambalo ni rahisi sana kutokea kwenye vijiji vyetu, kwa sababu ngazi nyingi zinazozunguka ni dura na unga wa maua unabebwa na upepo na wadudu bila kuomba ruhusa. Hapo nusu itakuwa dura na nusu tenera. Hamtapata miti tasa, lakini nusu ya shamba ni ngazi za babu ambazo mlilipa kwa bei ya tenera.

Na sasa tufike kwenye ule mtego unaokamata hata watu wenye akili. Muuzaji anakata tunda mbele ya mkutano. Ganda ni jembamba, nyama imejaa, watu wanapiga makofi. "Mmeona? Hizi ndizo mbegu." Lakini ganda la kokwa ni sehemu ya mwili wa mama. Linawaambia mama ni nani. Halisemi chochote juu ya mtoto aliye ndani. Mbegu ya kweli ya tenera, ile inayotengenezwa kwa kuchanganya dura na pisifera, inavunwa kwenye mama wa dura. Kwa hiyo mbegu ya kweli ya tenera iko na ganda NENE. Mtu anayewaonyesha mbegu za ganda jembamba na kusema zitazaa tenera tupu, anawaonyesha kwa mkono wake mwenyewe kwamba hazitazaa tenera tupu. Jambo hili moja, kama mtalikumbuka, linaweza kuokoa miaka minne ya koperative.

Wengine watasema: basi tupande kidogo kwanza, tuone. Ni mawazo mazuri kwa maharagi. Kwa ngazi yanasaidia nusu tu. Mkipanda robo ya hekta, miti kama 36, ni kweli hasara itakuwa ndogo. Lakini jibu mtalipata baada ya miaka minne ileile. Na kwenye kitalu hamwezi kujua pia. Kwenye kitalu mnaweza kuona mche mdhaifu, mche wa majani yaliyojikunja, mche uliorefuka kupita wenzake bila nguvu, na ni lazima kuitoa yote. Lakini dura, tenera na pisifera kwenye kitalu wote wanafanana. Jicho haliwezi kuwatenganisha, hata jicho la agronomu. Kwa hiyo kwa ngazi, uchunguzi hauwezi kungoja mti uote. Lazima ufanyike kabla, kwenye chanzo cha mbegu. Hapo ndipo miezi ya kukawia inafanya kazi.

Miezi hiyo mitafanyaje? Kukawia si kulala. Koperative inayosema "tutaona" bila kutaja tarehe haijakawia kwa hekima. Imekataa tu bila kuthubutu kusema hapana. Tunashauri mambo matatu yaandikwe kwenye kayé ya koperative, kila moja na jina la mtu na tarehe ya kuleta jibu.

La kwanza ni chanzo cha mbegu. Mtu mmoja apewe kazi ya kuuliza: mbegu zilitengenezwa wapi, mama ni nani, baba ni nani, na karatasi iko wapi? Mbegu zilizochanganywa kwa mkono wa wataalamu zinatembea na karatasi. Huduma ya serikali inayohakikisha mbegu ni SENASEM, na INERA iko na kituo Mulungu katika jimbo letu la Kivu ya Kusini, ambapo mtu anaweza kuuliza njia ya kufikia mbegu za kuaminika. Kama muuzaji hana karatasi yoyote, hiyo haina maana ni mwizi. Ina maana mnanunua miche isiyojulikana, na bei yake iwe ya miche isiyojulikana.

Hapa tujibu wazee wanaosema: babu zetu walipanda bila karatasi na tulikula mawese. Ni kweli, na hatuwatukani babu. Dura inatoa mafuta, haina utasa, na koperative inaweza kuamua kwa macho wazi kupanda dura kwa bei ya dura. Uamuzi huo uko salama. Unaoumiza ni ule wa kupanda kitu kimoja huku mnahesabu mapato ya kingine, mnakopa pesa juu ya mapato hayo, mnanunua mashine ya kukamua kwa kipimo cha mikungu ambayo haitakuja.

Jambo la pili ni udongo. Hapa Fizi kila mtu anajua tofauti kati ya kuomba shamba la kulima maharagi na kuomba shamba la kupanda miti. Mwenye udongo anakubali kwa furaha mgeni alime muhogo ao karanga, kwa sababu akishavuna, shamba linarudi kwake. Lakini akimwona na mche wa ngazi, uso unabadilika. Mti unasema: "Mimi niko hapa miaka 25." Mti ni ushahidi. Mwenye kupanda mti, kesho mtoto wake atasema hapa ni kwetu.

Na inchi yetu iko na historia yake. Watu wengi wa Fizi walikimbilia Tanzania wakati wa vita kuanzia 1996, wakakaa Lugufu na Nyarugusu, na kuanzia 2005 wengi wakarudishwa kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka. Aliyeacha shamba la muhogo alikuta kichaka. Aliyeacha ngazi alikuta ngazi, zimerefuka, na mara nyingi alikuta mtu mwingine anazikata mikungu. Kila mmoja alikuwa na maneno yake, na kila mmoja alionyesha mti. Kesi za namna hiyo zimechukua miaka, na zimetenganisha familia zilizokuwa zinakula sahani moja.

Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali, na mtu anapewa haki ya kuutumia. Kwa desturi, udongo uko na familia na mzee wake. Koperative inayopanda ngazi inasimama katikati ya hayo mawili. Kwa hiyo kabla ya shimo la kwanza, inafaa karatasi iandikwe: nani anatoa udongo, ni hekta ngapi, mipaka iko wapi, ni kwa miaka mingapi, na mwenye udongo akifa ao akibadilisha mawazo, miti ni ya nani. Wawepo ndugu wa mwenye udongo, hasa wale wasiopenda jambo hilo. Wawepo majirani wa pande zote nne. Awepo shefu wa lokalite. Kazi hii inaweza kuchukua miezi miwili kwa sababu ndugu mmoja yuko Uvira na mwingine yuko Kigoma. Basi ichukue miezi miwili. Yule ndugu ambaye hakungojewa ndiye atakayekuja mwaka wa tano, mikungu ikishaiva.

Jambo la tatu ni chakula cha miaka mitatu ya kwanza. Ngazi changa hazilipi masomo ya mtoto. Wanamemba wanapaswa kujua, kwa hesabu na si kwa matumaini, watakula nini na koperative italipa palizi na pesa gani mpaka mikungu ya kwanza. Habari njema ni kwamba kati ya mistari kuna nafasi kubwa miaka hiyo, na maharagi na karanga zinaota vizuri, mradi mduara wa karibu mita moja kuzunguka kila mche uachwe safi. Na hapo, ndani ya uamuzi mkubwa, yanarudi maamuzi madogo: sezoni hii karanga, sezoni ijayo maharagi. Hayo msiitie mkutano. Wapeni watu watatu wenu siku mbili.

Majibu matatu yakishafika, mkutano mkuu uitwe, na ngazi ziwe jambo la kwanza la siku, asubuhi, watu wakiwa hawajachoka. Kura isipigwe siku ileile. Wanamemba warudi nyumbani, walale, waongee na wenzi wao, hasa wanaume waongee na mama wa nyumba, kwa sababu mara nyingi mama ndiye atakayepalilia hizo hekta mbili na ndiye hakuwa na nafasi ya kusema. Baada ya juma mbili kura ipigwe, moja kwa moja. Akibaki mtu mwenye shaka, sababu yake iandikwe kwenye kayé hata kama ameshindwa kwa kura.

Mtu atauliza: je, sheria haitupangii hayo? Kidogo. Sheria ya OHADA ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010 na inayotumika Kongo pia, inatenganisha mkutano mkuu wa kawaida na mkutano mkuu usio wa kawaida. Kubadilisha statuti ao kuvunja koperative hakufanywi kwenye mkutano wa kawaida. Kunahitaji ule mwingine, ambao masharti yake ni mazito. Waliotunga sheria walijua kwamba mambo mengine hayarudi nyuma. Lakini sheria haiwezi kuorodhesha kila jambo la shamba. Hakuna kifungu kinachosema ngazi ni jambo zito na maharagi ni jambo jepesi. Hiyo tuijue wenyewe, na tuiandike kwenye kanuni za ndani za koperative yetu.

Mkishazoea maswali mawili, mtaona kwamba ukubwa wa jambo na uzito wake havitembei pamoja. Kununua bidoni ishirini ni pesa, lakini bidoni linauzwa tena Baraka juma lijalo. Kubadilisha siku ya soko ni kelele nyingi, lakini mkiona haifai mnarudisha. Kumbe kukata ngazi za zamani kabla ya ngazi mpya kuzaa kunachukua asubuhi moja na panga moja, hakuna hata franka inayotoka, na bado ni jambo la mlango mmoja. Yule mti wa dura uliochoka ulikuwa unalipa chumvi na sabuni. Ukiwa chini hausimami tena, na tenera mliyongojea bado iko na miaka mitatu. Kama kweli miti ya zamani inazuia mwanga, mnaweza kukata mmoja kati ya miwili kwanza na kuacha mingine mpaka mipya ianze kuzaa. Hapo mmelipasua jambo kubwa kuwa vipande, na kila kipande kimebaki na njia yake ya kurudi.

Kwa hiyo tunaomba kitu kimoja kwa mkutano wenu ujao. Sekretere anapoandika mambo ya siku kwenye kayé, kando ya kila jambo aandike majibu mawili mafupi: tutajua lini, na kurudi kutagharimu nini. Kando ya maharagi ataandika: miezi mitatu, mbegu. Kando ya ngazi ataandika: miaka minne, shamba na udugu. Baada ya hapo wanamemba hawatahitaji mtaalamu kuwaambia wapi pa kuharakisha na wapi pa kukaa chini.